Kusoma mkataba wa makochi au simu ya malipo ya awamu: bei kamili, faini, na siku mali inapochukuliwa

Kwenye maduka ya samani ya Mwanza, kuanzia mjini kati hadi Nyakato, Igoma na Buhongwa, bei ya malipo ya awamu huandikwa kwa namba mbili: kianzio na rejesho la kila mwezi. Kwenye simu namba inakuwa ndogo zaidi, kwa sababu inaandikwa ya siku moja. Namba hizo ni za kweli, ila hazikuambii unanunua kwa shilingi ngapi. Bei iko ndani ya mkataba, mara nyingi imegawanywa kwenye vifungu vitatu au vinne, na ni wewe unayepaswa kuikusanya.

Tutafuata mkataba mmoja wa seti ya makochi mwanzo hadi mwisho. Hesabu ni za mfano, ila vifungu ni vya aina ile ile unayowekewa mezani usaini. Mnunuzi wetu ni mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba. Tumemchagua kwa sababu pesa yake inakwenda na mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi mingi hupumzika. Pesa inaingia kwa mafungu, wakati mkataba unataka pesa kwa tarehe. Hapo ndipo mikataba hii inapowauma watu wa pwani ya ziwa, na ndiyo sababu tutakaa zaidi kwenye kifungu cha kuchelewa.

Kwanza, usiusome mkataba dukani ukiwa umesimama huku muuzaji anakushikia kalamu. Omba nakala tupu uende nayo nyumbani, au upige picha kila ukurasa, hata ule wa nyuma wenye maandishi madogo. Duka linalokataa kukupa mkataba mpaka ulipe kianzio, achana nalo, kwa sababu ukishalipa huna tena nafasi ya kudai kifungu kibadilishwe. Kama mkataba ni wa Kiingereza na wewe unasoma Kiswahili, omba wa Kiswahili. Ukipewa miwili, tafuta sentensi inayosema upi utatumika ikitofautiana, na huo ndio uutafutie mtu wa kukusomea. Kaa na penseli, kikokotoo na kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo.

Hatua ya kwanza: mali ni ya nani hadi lini

Kabla ya pesa, tafuta kifungu cha umiliki. Kwa kawaida kimeandikwa hivi: "Mali itaendelea kuwa ya Muuzaji hadi malipo yote yatakapokamilika." Ukikiona, jua huo ni ukodishaji unaoishia kwenye ununuzi. Makochi yatakaa sebuleni kwako, ila kisheria umeyakodi. Kila rejesho ni kodi inayohesabiwa kwenye bei, na yanakuwa yako shilingi ya mwisho ikishaingia. Tanzania ina sheria mahususi ya mikataba ya aina hii tangu 1966, Sura ya 14 ya sheria za nchi.

Kuna mkataba mwingine unaofanana nao kwa sura. Kampuni ya mikopo inalipa duka, makochi yanakuwa yako siku hiyo hiyo, na kampuni inayashika kama dhamana. Kwenye huo, makochi yakiuzwa kwa zaidi ya deni lako, kinachobaki ni haki yako. Kwenye ukodishaji, mwenye mali anaweza kudai kwamba anauza kilicho chake, na wewe ukabaki bila chochote kama mkataba haukusema vinginevyo. Kwa hiyo zungushia penseli jina la upande wa pili. Je, ni duka, au ni kampuni ya mikopo ambayo duka ni wakala wake tu? Kama ni kampuni ya mikopo, inapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na namba ya leseni iwe kwenye karatasi. Benki Kuu ina tawi Mwanza, unaweza kwenda kuuliza.

Kifungu cha umiliki kina watoto wake wawili ambao hukaa kurasa za mbele. Wa kwanza anasema hutauza, hutaweka rehani wala hutaazimisha mali. Huyu ana haki yake: ukiuza makochi ambayo bado si yako unaweza kujikuta kwenye kesi ya jinai, tofauti kabisa na deni. Wa pili anasema hutahamisha mali kutoka anwani iliyoandikwa bila kibali cha maandishi. Kwa mtu anayehama na kambi za uvuvi, leo Kirumba, mwezi ujao Ukerewe au Kome, kifungu hiki kinaweza kukuhesabu umevunja mkataba hata kama hujachelewa kulipa siku moja. Kama unajua utahama, andika anwani zote mbili tangu mwanzo, au ongeza maneno "Mnunuzi atatoa taarifa kwa ujumbe wa simu ndani ya siku 7 tangu kuhama".

Hatua ya pili: kusanya bei kamili

Chukua karatasi nyeupe, andika mstari wa kwanza: bei ya taslimu. Hii ndiyo bei ambayo ungelipa leo ukatoka na makochi. Lazima iwe ndani ya mkataba. Kama haimo, muulize muuzaji na umwandikishe, halafu ingia maduka mengine mawili uulizie makochi ya aina hiyo hiyo kwa pesa mkononi. Wapo wanaopandisha kwanza bei ya taslimu ili nyongeza ionekane ndogo.

Mkataba wa mama wa Mwaloni unasema bei ya taslimu ni 900,000. Kianzio ni 270,000, na marejesho ni 75,000 kila mwezi kwa miezi 12. Marejesho peke yake ni 900,000. Jumlisha kianzio, inakuwa 1,170,000. Sasa pitia kurasa zote ukitafuta neno "ada", "gharama" na "huduma". Ukurasa wa pili una ada ya fomu 15,000, na mwishoni kabisa kuna usafirishaji 25,000. Bei kamili ni 1,210,000. Analipa 310,000 zaidi ya mwenye pesa taslimu.

Muuzaji atakwambia, "Mama, hapo nyongeza ni asilimia 30 tu kwa mwaka mzima." Amepiga 270,000 ya nyongeza (bila zile ada) juu ya 900,000. Lakini mama huyu hakukopeshwa 900,000. Ametoa 270,000 siku ya kwanza, kwa hiyo alichokopeshwa ni 630,000, na 270,000 juu ya 630,000 ni karibu asilimia 43. Tena hata hiyo 630,000 hakai nayo mwaka mzima, kwa sababu kila mwezi anairudisha kidogo. Ukifanya hesabu ya deni linalopungua, riba yake halisi inakaribia asilimia 6 kwa mwezi. Unaweza kuihakiki mwenyewe: mwezi wa kwanza asilimia 6 ya 630,000 ni 37,800. Ukiitoa kwenye 75,000, inabaki 37,200 ya kupunguza deni, na deni linakuwa 592,800. Endelea hivyo hivyo mwezi baada ya mwezi, na kufikia rejesho la 12 deni litakuwa limebaki kama shilingi elfu mbili na kitu. Namba hiyo ya mwezi ndiyo ya kulinganisha na mkopo wa SACCOS yako au wa kikundi. Usilinganishe na ile 30 ya muuzaji.

Kabla hujaondoka kwenye bei, tafuta kifungu cha kumaliza mapema. Msimu ukiwa mzuri mama anaweza kutaka kulipa yote mwezi wa 6. Kama mkataba unasema "Mnunuzi anaweza kumaliza wakati wowote kwa kulipa salio lote", salio hilo ni marejesho sita kamili, 450,000, na ndani yake imo nyongeza ya miezi ambayo hatakuwa na deni tena. Omba iandikwe kwamba akimaliza mapema nyongeza ya miezi iliyobaki itapunguzwa, na ipungue kwa kiasi gani. Maduka mengi yanakubali hili yakiombwa kabla ya kusaini.

Hatua ya tatu: kifungu cha kuchelewa

Hiki kisome mara mbili, neno kwa neno. Kwenye mkataba wetu kimeandikwa hivi:

"Mnunuzi atakapochelewa kulipa rejesho lote au sehemu yake, atatozwa faini ya Sh. 5,000 kwa kila siku. Malipo yoyote yatakayopokelewa yatakata kwanza faini na gharama, kisha rejesho. Mnunuzi atakayekuwa na malimbikizo ya zaidi ya siku 30 atahesabiwa amevunja mkataba, na salio lote litadaiwa mara moja."

Sentensi ya kwanza kila mtu anaiona na kuishtukia. Inayoumiza zaidi ni ya pili, na huwa inapitwa kwa sababu inaonekana kama utaratibu wa ofisini tu.

Tuseme rejesho ni la tarehe 5. Mwezi huu tarehe 5 imeangukia mbalamwezi, dagaa hakuna. Mama anapata pesa tarehe 15, anapeleka 75,000 kamili na kuondoka akiamini amelipa. Dukani wanafungua kitabu. Siku 10 za kuchelewa ni faini ya 50,000, na inakatwa kwanza. Inayobaki ni 25,000, ndiyo inayoingia kwenye rejesho. Kwa hiyo bado anadaiwa 50,000 ya rejesho, na kwa kuwa kifungu kimesema "lote au sehemu yake", faini inaendelea kila siku. Kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 5 ya mwezi unaofuata, kwa mwezi wa siku 30, ni siku 20, sawa na 100,000 nyingine. Tarehe 5 anakuja na 75,000 yake ya mwezi mpya, anaambiwa deni lake ni 225,000: sehemu ya rejesho iliyobaki 50,000, faini 100,000 na rejesho jipya 75,000. Amechelewa siku 10 tu. Asipopata mtu wa kumwonyesha hesabu, ataamini ameibiwa na karani, wakati karani amefuata karatasi. Na ile 75,000 ya pili ikipokelewa, yote itamezwa na faini. Rejesho la kwanza litakuwa limebaki bila kukamilika kwa mwezi mzima, na mlango wa sentensi ya tatu, ile ya "salio lote", umefunguka.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, omba mabadiliko manne yaandikwe kwa mkono pembeni ya kifungu, na pande zote mbili zisaini pale pale. Kwanza, malipo yaingie kwenye rejesho kabla ya faini. Hili peke yake linavunja mnyororo wote tulioueleza, kwa sababu 75,000 ya tarehe 15 ingemaliza rejesho na faini ingesimama kwenye 50,000. Ukishindwa kupata mengine, ling'ang'anie hili. Pili, faini iwe na kikomo kwa kila rejesho, mfano isizidi 10,000, haijalishi siku. Tatu, kuwe na siku kadhaa za kusubiriwa kabla faini haijaanza. Kwa mtu wa dagaa omba siku 10, ueleze sababu. Wenye maduka wa Mwanza wanajua mambo ya giza na mbalamwezi kuliko mtu yeyote. Nne, kabla ya salio lote kudaiwa kwa mkupuo, upewe taarifa ya maandishi na muda wa kurekebisha.

Njia nyingine ni kubadili tarehe yenyewe. Angalia kalenda yako. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, hivyo tarehe 5 haiwezi kuangukia giza kila mwezi; itasogea. Malipo mawili ya nusu nusu kwa mwezi humsaidia muuza dagaa, mradi mkataba useme nusu ya pili ikija haihesabiwi kuwa imechelewa. Malipo ya kila siku ndiyo mabaya zaidi kwake, na tutayarudia kwenye simu.

Ikiwa umeshasaini na faini imefura, bado una pa kusimamia. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema mkataba ukivunjwa na ndani yake mmetaja kiasi cha kulipwa, mwenye kudai anastahili fidia ya kiasi cha haki, isiyozidi kile kilichotajwa. Maana yake ni kwamba mahakama hailazimiki kumpa faini yote kwa sababu tu imeandikwa. Mweleze mwenye duka hivyo kwa barua yenye hesabu, na baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wengi hupenda kukaa mezani kuliko kwenda kueleza hakimu namna rejesho la 75,000 lilivyozaa faini ya 150,000 kwa mwezi mmoja.

Usisahau mdhamini. Kifungu chake huwa kifupi: "Mdhamini atawajibika kwa deni lote pamoja na gharama." Yaani akitafutwa yeye kabla yako, duka halijakosea. Mwonyeshe shemeji au jirani yako hesabu hii ya faini kabla hajaweka sahihi.

Hatua ya nne: mali inachukuliwaje

Hapa unatafuta majibu ya maswali machache. Je, utapewa notisi ya maandishi, na ya siku ngapi? Nani anaruhusiwa kuja? Anaruhusiwa kuingia ndani? Na baada ya kuchukua, hesabu inafungwaje?

Sentensi ya kukataa ni hii: "Muuzaji au wakala wake anaweza kuingia mahali popote mali ilipo bila taarifa na kuichukua, na Mnunuzi anaondoa haki ya kulalamika." Omba ifutwe. Badala yake iandikwe notisi ya siku 14, kuchukua mali mchana, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mjumbe wake. Hata ikibaki, kusaini hakumpi mtu ruhusa ya kuvunja mlango wako au kukupiga. Hayo ni makosa ya jinai, na polisi wanapaswa kuyashughulikia. Deni lenyewe ni shauri la madai. Ukitishiwa kwamba utalala mahabusu kwa sababu ya rejesho la makochi, jua unatishwa tu.

Kisha hesabu ya mwisho. Tuseme mama amelipa kianzio na marejesho manane, jumla 870,000, halafu akakwama. Kwenye bei ya 1,170,000 amebakiza 300,000. Makochi yanachukuliwa na kuuzwa 400,000. Mkataba ukisema "malipo yote yaliyokwishafanyika hayatarudishwa" na usiseme kitu kuhusu mauzo, duka limepata 1,270,000 kwa makochi ya 900,000, na mama hana kitu. Kibaya zaidi ni mkataba unaosema mali ikichukuliwa mnunuzi bado atalipa salio. Maneno ya kuomba ni haya: "Mali ikichukuliwa itathaminiwa mbele ya pande zote, thamani hiyo itakatwa kwenye salio, na kinachozidi atarudishiwa Mnunuzi." Kama unasaini kifungu kimoja tu ulichokibadilisha mbali na kile cha malipo kuanzia kwenye rejesho, kiwe hiki.

Tafuta pia kifungu cha kurudisha kwa hiari. Mtu aliyelipa miezi mitatu na akaona biashara imekufa hupata nafuu akirudisha makochi mwenyewe kabla faini haijapanda, mradi mkataba useme kwamba kurudisha kunafunga deni. Kukiwa kimya juu ya hili, usirudishe kwa mdomo tu. Andika barua, piga picha za makochi kila upande, na usiyaachie bila karatasi ya mapokezi inayosema hali yake, umeshalipa kiasi gani, na salio ni sifuri au ni ngapi.

Siku watu wakifika na gari, fanya hivi kwa utulivu. Omba kitambulisho na barua ya duka. Uliza kama kuna amri ya mahakama. Anayejiita dalali wa mahakama lazima awe na amri yenye namba ya shauri. Dalali aliyetumwa na duka tu si wa mahakama. Mpigie mwenyekiti wa mtaa aje kabla kitu hakijaguswa. Kama hawana amri na wewe unapinga deni, sema wazi mbele ya mashahidi kwamba hukubali na huruhusu kuingia, bila kugombana wala kushika kitu mikononi. Sheria ile ya 1966 imemwekea mwenye mali mipaka ya namna na wakati wa kujichukulia, na kadiri ulivyolipa zaidi ndivyo inavyofaa kudai shauri lipite mahakamani. Kwa hiyo chukua risiti zako zote siku hiyo hiyo, uende kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na kwa asiye na uwezo huduma yao ni bure; ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii itakuelekeza alipo. Wakichukua, wasaini orodha: kochi la watu watatu moja, la mtu mmoja mawili, meza moja, hali yake, tarehe, saa.

Simu: mali inayojifunga yenyewe

Kwenye simu hakuna gari linalokuja. Duka linaweka mfumo wa kuifunga simu malipo yakikosekana, na kwa kawaida kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakuuondoi. Kwa hiyo kifungu cha kuchukua mali kwenye simu kinaitwa "kufunga kifaa", na ndicho cha kusoma.

Bei kwanza. Simu ya taslimu 320,000, kianzio 60,000, kisha 1,500 kwa siku kwa siku 365. Zidisha: 547,500. Ongeza kianzio: 607,500. Aliyekopeshwa 260,000 analipa nyongeza ya 287,500, yaani nyongeza imezidi mkopo wenyewe. Juu ya hapo kuna makato ya kutuma pesa. Kama mtandao wako unakata kwa kila muamala, kulipa 10,500 mara moja kwa wiki kuna nafuu kuliko kutuma 1,500 mara saba. Hakikisha tu mkataba unaruhusu kulipia siku za mbele.

Hilo la siku za mbele ndilo linalomfaa mtu wa dagaa. Wakati wa giza, pesa ikiwepo, analipia siku 10 za mbalamwezi kabla hazijafika. Uliza kama siku ulizolipia zinahesabiwa hata simu ikiwa imezimwa, na kama siku simu ilipofungwa zinaongezwa mwishoni au zinakuwa deni. Majibu haya mawili hutofautiana kabisa kati ya kampuni na kampuni.

Kuna jambo la visiwani ambalo watu wa mjini hawalifikirii. Simu nyingi za aina hii zinahitaji intaneti ili zijue kwamba umelipa. Ukiwa kisiwa chenye mtandao hafifu, unaweza kulipa kwa simu ya mwenzako na yako ikabaki imefungwa mpaka ipate mawasiliano. Uliza kama kuna namba ya siri ya kufungulia bila intaneti. Uliza pia kama simu iliyofungwa bado inapiga namba za dharura na kupokea simu. Muuzaji akusomee kifungu, asikujibu kwa kichwa.

Kisha kifungu cha taarifa. Baadhi ya mikataba inaomba ruhusa ya kusoma namba za watu wako na mahali ulipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinachukuliwa kwa ajili gani. Kuwapigia marafiki zako kuwatangazia deni lako si njia halali ya kudai, na unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa ubovu wa bidhaa au mkataba kandamizi, pa kwenda ni Tume ya Ushindani, FCC. Kwa kampuni yenye leseni ya mikopo, ni Benki Kuu, baada ya kuiandikia kampuni kwanza.

Mwisho kwenye simu: wizi. Mikataba mingi inasema simu ikiibwa au ikizama ziwani deni linaendelea. Kama kuna bima ndani ya bei, omba karatasi yake na usome inalipa nini. Nyingi hazigusi maji.

Siku ya kusaini, na siku ya kumaliza

Siku ya kusaini piga mistari kwenye nafasi zote zilizoachwa wazi, hasa ya tarehe, ya bei na ya maelezo ya mali. Makochi yaelezwe: idadi, aina ya mbao, rangi ya kitambaa, mapya au yaliyotumika. Simu iandikwe namba yake ya IMEI. Bonyeza `*#06#` kwenye simu yenyewe, ulinganishe tarakimu zote 15 na za kwenye mkataba na za kwenye boksi. Ikitofautiana hata moja, unaweza kulipa mwaka mzima na mfumo ukakuhesabia simu ya mtu mwingine. Ondoka na nakala yenye sahihi zote mbili siku hiyo hiyo, pamoja na risiti ya EFD ya kianzio.

Lipa kwenye namba ya kampuni iliyoandikwa ndani ya mkataba, wala si namba binafsi ya wakala, hata akiwa kijana wa mtaani kwenu unayemwamini. Soma jina la mpokeaji kwenye ujumbe wa muamala kabla ya kuweka namba ya siri. Andika kila rejesho kwenye daftari: tarehe, kiasi, namba ya muamala, salio ulilotajiwa. Kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya akaunti yako na uilinganishe na daftari, ili kama kuna faini iliyoingia kimya kimya uikute ikiwa bado elfu tano.

Rejesho la mwisho likiingia, usifunge daftari kwanza. Dai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, ikitaja kwamba umiliki umehamia kwako na mdhamini ameachiliwa. Kwa simu, kaa palepale dukani mpaka mfumo wa kufunga uondolewe. Irudishe kwenye hali ya kiwandani mbele yao, iwashe upya ikiwa na intaneti, na uone kama ile programu ya malipo inarudi. Ikirudi, bado hawajaiondoa kwenye orodha yao. Usiondoke bila jina la aliyekuhudumia na tarehe waliyoahidi kuitoa.